Siri ya mweka hazina, na wewe ni mwanachama

*Shikamoo mama. Mimi ni mnasihi wa kituo cha afya katika mji mdogo wilayani Kongwa. Kuna mama ninamwona miezi miwili sasa kwa msongo na kukosa usingizi. Ni mweka hazina wa kikoba chetu. Tuko wanachama 28 na mimi nimo. Wiki iliyopita akaniambia huku analia kuwa marejesho ambayo watu humtumia kwenye simu kati ya kikao na kikao, ametumia kama laki tisa kumtibia mumewe. Sandukuni hazijaingia. Tunavunja Desemba. Akiba yangu humo ni laki sita na nusu, na nilishapanga kukopa ada ya mtoto mwezi ujao. Nimwambie mwenyekiti? Nijitoe? Nimpe mnasihi mwingine, na hapa niko peke yangu? Sasa na mimi silali.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ya kutofanya wiki hii, maana kikao chenu hakitakungoja. Usimwambie mwenyekiti. Usiombe kutoa akiba yako. Usipendekeze daftari likaguliwe, hata kwa lugha ya "jamani tuwe na utaratibu". Na usimwambie huyo mama kwamba humwoni tena.

Kuwa na mteja ambaye pia ni mwanakikundi mwenzako si kosa. Hata kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambazo ni kali, zinasema uhusiano wa namna mbili unakuwa kosa pale unapotarajiwa kuharibu uamuzi wako, kumnyonya mteja au kumdhuru. Kwenye kata yenye kituo kimoja cha afya na mnada mmoja kwa wiki, usipomhudumia unayemfahamu hutamhudumia mtu yeyote. Kwa hiyo usijilaumu kwa kumpokea. Jambo lako limebadilika wiki iliyopita, alipotaja fedha ambazo ndani yake kuna zako. Kabla ya hapo mlikuwa mnafahamiana tu. Sasa una mgongano wa maslahi, na huo hautunzwi kwa kukaa kimya peke yake.

Nikueleze kilichonipata mimi. Miaka mingi iliyopita, katika mji mdogo mwingine wa mkoa huu, nilikuwa namwona mwalimu aliyekuwa anahangaika na pombe. Mwanangu wa pili alikuwa anakwenda kwake jioni kwa masomo ya ziada pamoja na watoto wengine. Siku moja mwalimu akaniambia kuwa jana yake alifundisha akiwa amelewa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mtoto asiende tena. Sikumweleza mtu sababu, hata baba yake. Nikajiona nimetunza siri ya mteja.

Ndani ya wiki mbili wazazi watano walikuwa wametoa watoto wao. Mama mmoja akaniambia bombani, ndoo yake ikiwa bado inajaa: "Wewe si ndiye unayejua ya watu? Ukimtoa wako, sisi tunangoja nini?" Mwalimu hakurudi tena chumbani kwangu. Nilipokutana naye barabarani aliniamkia vizuri, akapita. Sikuwa nimetamka neno hata moja. Miguu ya mtoto wangu ndiyo iliyosema. Nilichotakiwa kufanya ni kulirudisha jambo lile mezani kwake: "Mwalimu, na mwanangu yumo katika hilo darasa. Tuzungumze wewe mwenyewe usimamishe masomo hayo mpaka lini." Angeyasimamisha yeye kwa sababu yake, na watoto wote wangekuwa salama, si wangu peke yake.

Ndiyo maana nasema usitoe akiba yako. Mnasihi akitoa laki sita na nusu ghafla, katikati ya mwaka, kwenye kikundi ambacho mweka hazina wake anaonekana akiingia kituoni kila wiki mbili, watu 26 waliobaki watahesabu bila daftari. Na hata kama wasingegundua, ungekuwa umeitumia siri yake kuokoa fedha yako na kuwaacha wenzako wapate hasara. Taarifa uliyopewa ili umsaidie haiwezi kukufaidia wewe. Hasara ikija, utaipata kama mwanachama mwingine yeyote. Najua hilo ni zito kwa mshahara wetu.

Sasa kuhusu mwenyekiti. Usiri hulegezwa kwa sababu chache: mteja mwenyewe ameridhia, maisha yake au ya mwingine yako hatarini, mtoto anadhurika (na hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa), au mahakama imeamuru. Fedha iliyokwisha kutumika haimo. Ingekuwa unaidai wewe mwenyewe shilingi milioni tano, bado isingekuwemo.

Ila sababu ya maisha ichunguze mapema, kesho ikiwezekana. Mama mwenye aibu kubwa, halafu aibu hiyo ina tarehe, yaani Desemba, hapaswi kuachwa bila kuulizwa. Muulize kwa maneno ya wazi: "Katika haya yote, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, kwa uzoefu wangu wengi hushusha pumzi kwa kuwa mtu amelitamka. Akisema ndiyo, muulize amefikiria vipi na kama nyumbani kuna dawa ya kuulia wadudu wa shambani, kisha mkubaliane ikae kwa nani asiyekuwa yeye. Siku hiyo hiyo achague ndugu mmoja atakayejua na atakayelala naye, na afikishwe hospitali. Hapo usiri unapungua kwa kiasi cha kumlinda, si zaidi: ndugu ataambiwa kwamba hayuko salama, hataambiwa habari za sanduku.

Akiwa salama, kikao chako na yeye kinachofuata kina jambo moja la kwanza, nalo ni lako kulisema. Yeye anajua kwamba umo kikundini, lakini kujua si sawa na kulizungumza. Kaa mbali kidogo na meza na umwambie hivi, kwa lugha yako: "Mama, uliyonieleza yatabaki hapa. Sitamwambia mwenyekiti wala nyumbani kwangu. Lakini mimi ni mwanachama, na katika fedha hizo zangu zimo. Inawezekana siku moja nikakasirika, au ukahisi nakuonea haya, na wewe una haki ya kujua hilo. Unajisikiaje kuendelea na mimi?" Kisha nyamaza. Usimjazie jibu.

Nimeshuhudia majibu ya namna tatu. Wapo wanaosema, "Nilijua, ndiyo maana nikakueleza." Hapo fungua masikio, kwa sababu huenda alikuwa anatuma ujumbe kwa kikundi kupitia kwako, akitumaini utamsemea. Mwambie kwa upole kwamba hutakuwa mjumbe wake, wala hutamtetea. Wapo wanaoingiwa na hofu, wakaomba uape. Usiape, rudia tu ulichosema na umweleze sababu zinazolegeza usiri, kama ulivyopaswa kumweleza siku ya kwanza. Na wapo wanaosema, "Afadhali nipate mwingine." Huyo usimbembeleze abaki.

Swali lako la kumpa mnasihi mwingine linajibika vizuri kwa maswali matatu ambayo mwanasaikolojia wa Marekani Michael Gottlieb aliyapendekeza mwaka 1993: nani ana nguvu juu ya nani, uhusiano utadumu muda gani, na mwisho wake uko wazi kiasi gani. Alikuwa anauliza kama mtaalamu aongeze uhusiano wa pili juu ya ule wa kitaalamu. Majibu yakiwa mazito kote, usiongeze. Kwako uhusiano huo wa pili ulikuwapo tayari, lakini maswali yanakufaa. Nguvu zimekwenda pande zote mbili, maana wewe umeshika siri yake na yeye ameshika fedha yako. Muda ni miezi hadi Desemba. Na mwisho haupo kabisa, kwa sababu hata kikundi kikivunjwa mtaendelea kuchota maji sehemu moja. Majibu yote ni mazito. Kwa hiyo ndiyo, huyu mama anahitaji mtu mwingine, lakini leo siyo siku yake.

Ukimwachia sasa, wiki moja baada ya kuungama, atasikia neno moja tu: amehukumiwa. Mpe kama vikao vitatu vya kumkabidhi. Mtafute mtu nje ya mji wenu: afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au mnasihi wa hospitali ya wilaya, na kwanza hakikisha si mwanachama wa kikundi chenu wala mwenzi wa mwanachama. Mpigieni simu pamoja, mteja akiwa amekaa hapo, ili asikie unachosema na usichosema. Zungumzieni nauli, kwa sababu rufaa nyingi hufia kwenye nauli. Kama hana, vikao vya simu vitamfaa akipata mahali pa faragha. Dodoma mjini kuna Mirembe, na pale wapo watu wanaoijua kazi hii, lakini unajua jina hilo linavyotamkwa mitaani kwetu. Ukimwandikia Mirembe pasipo haja ya tiba ya pale, umempa jirani zake hadithi nyingine. Asipopatikana mtu, utabaki naye, na hapo unahitaji msimamizi wa kitaaluma nje ya wilaya utakayeongea naye kila baada ya wiki mbili. Ukimweleza, badilisha kikoba kiwe chama cha mazao, mume awe mama mkwe. Wala usiulize kwenye kundi la simu la wanasihi wa mkoa, hata bila majina. Mkoa huu ni mpana kwa ramani tu.

Katika vikao hivyo vitatu kazi ina umbo. Ameshasema "kama laki tisa", na hiyo "kama" ndiyo inayomnyima usingizi. Miamala iko kwenye simu yake. Aorodheshe nani alituma, tarehe gani, kiasi gani. Nilimwona mama mmoja katika hali inayofanana na hii ambaye aliamini amekula zaidi ya milioni moja. Alipoorodhesha ikawa 740,000, na usiku huo akalala saa tano mfululizo. Orodha aiandike nyumbani na aitunze yeye. Wewe usiishike na usiisome, kwa sababu ukiisoma utakutana na jina lako mwenyewe, na utajua ya wengine ambayo hukupaswa kuyajua.

Baada ya hapo ni kumwendea mwenyekiti, na atakayekwenda ni yeye. Amchukue dada yake au mtu wa kanisani au msikitini anayemwamini, usimsindikize wewe. Aende na orodha, na kiasi cha kuanzia hata kama ni elfu hamsini, na ombi: iliyobaki igeuzwe mkopo wake kwa masharti ya katiba yenu, na fedha za simu zipokelewe na mtu mwingine kuanzia sasa. Vikoba vingi vimeweka kufuli tatu kwenye sanduku na funguo kwa watu watatu, halafu vikaacha marejesho yaingie kwenye simu ya mtu mmoja. Hapo ndipo palipovuja, na yeye mwenyewe anaweza kulisema hilo. Wewe ukilisema kikaoni kabla yake, umemtaja. Kama ana alizeti shambani, ahadi ya kulipa baada ya mavuno inasikika vizuri, lakini mvua za kwetu zinajulikana. Mpango uwe na chanzo cha pili, hata kuku.

Utajuaje kwamba mambo yanaharibika? Kwake, dalili ni kukuuliza mwenyekiti ana mtazamo gani, kuahirisha orodha mara ya pili, au kukiri kwamba amechukua tena. Akichukua tena, bado fedha haivunji usiri, lakini mwambie bayana kwamba huwezi kuendelea kukutana naye kwa namna inayomsaidia kuficha, na uharakishe makabidhiano. Kwako, dalili iko kwenye mpangilio wa maswali. Siku utakapojikuta unauliza "umerudisha kiasi gani?" kabla ya "umelalaje?", aliyeuliza ni mwanachama. Ukiona pia unamwongezea dakika, au unamkatisha, mpigie msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Kwenye kikao cha kikoba, kaa pale unapokaa siku zote. Nunua hisa zile zile. Jambo likifumuka na ukaulizwa, "Na wewe ulikuwa hujui?", jibu liwe lile lile utakalolitoa kwa jambo lolote: "Ninayoyasikia kazini siyasemi, yawepo yasiwepo. Hata yako." Usiseme "sikujua", kwa kuwa ni uongo, na usiseme "siruhusiwi kusema", kwa kuwa huko ni kukiri. Wakiunda kamati ya kulishughulikia, kataa kuingia. Wakipiga kura ya adhabu, usipige, na sababu yako ni kazi yako, si mtu. Hilo lingekuwa rahisi kama ulipojiunga ungesema kwamba kwa kazi yako huchukui uongozi wala kura za nidhamu. Kikundi kipya mwezi wa kwanza, liseme siku ya kwanza. Kulisema sasa hivi kutazua maswali.

Kuna ushauri mmoja utakaokutana nao vitabuni: mkikutana barabarani, usimsalimie mteja mpaka akuanze. Huko ulikoandikwa unamlinda. Hapa kwetu, ukimpita mtu unayemfahamu bila hata "mbukwa", watu wote sokoni watauliza kuna nini kati yenu. Kubalianeni naye kwamba mtasalimiana kama mlivyokuwa mnasalimiana zamani, habari za nyumbani zikiwemo, ila "unaendeleaje?" yenye kushika mkono na kuinamisha kichwa ibaki chumbani. Mumewe akiwa mgonjwa, nenda ukamwone pamoja na wanakikundi, si peke yako.

Faili lake liangalie leo. Andika tarehe, usingizi, jibu lake kuhusu kujiua, mpango, na kwamba mgongano wa maslahi umejadiliwa na yeye amechagua nini. Usiandike kikoba, cheo chake wala kiasi. "Wasiwasi unaohusu jukumu la kifedha" inatosha kwa mtaalamu atakayefuata. Hesabu mikono inayoligusa faili hilo: karani wa mapokezi, muuguzi wa zamu, mhudumu anayefagia. Wangapi kati yao wamo katika wale 28? Kama lilishaandikwa zaidi, usichane ukurasa. Muombe mfawidhi kabati lenye ufunguo kwa mafaili yote ya unasihi, si hilo moja.

Imebaki ada ya mtoto. Jiulize: yule mama asingeniambia, ningefanya nini? Kama ulishamwambia mumeo kiasi na mwezi, au jina lako lilishaingia kwenye foleni ya mikopo, kopa kiasi kile kile mwezi ule ule, bila kuongeza shilingi na bila kuwahi, na umjulishe msimamizi wako kabla. Kama ulikuwa umewaza tu moyoni, itafute ada hiyo kwingine mwaka huu. Na ukifika zamu yako ukaambiwa sanduku halitoshi, pokea kile watakachopewa wenzako walio kwenye foleni, na usimtazame yeye wakati wanahesabu.